Notisi ya Kuhama Duka Ikikujia kwa Picha

Notisi ya kuhama siku hizi hufika mara mbili. Kwanza hufika karatasi yenyewe mikononi mwa mtu aliyeko dukani, kisha hufika picha kwenye simu ya mwenye biashara, aliye safarini, hospitalini au mashambani. Mwenye biashara huhesabu siku zake kuanzia alipoiona picha. Sheria ya Kenya haihesabu hivyo, na tofauti hiyo imewafungia watu wengi milango ya maduka waliyoyapanga miaka mingi.

Nazungumzia hapa wapangaji wa maduka, saluni, mikahawa, vibanda vya mafundi cherehani na biashara nyingine ndogo za Kenya. Hawa wana sheria yao, Sura ya 301, sheria ya wenye majumba na wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula. Inamlinda mpangaji ambaye makubaliano yake ni ya mdomo tu, au ambaye mkataba wake wa maandishi hauzidi miaka 5, na wenye biashara ndogo walio wengi wamo humo. Wasiomo ni waliopanga kwa serikali au kwa kaunti, kwa hivyo mwenye kibanda katika soko la kaunti asiitegemee. Mpangaji wa nyumba ya kuishi naye ana njia yake nyingine: sheria ya kudhibiti kodi za nyumba bado inataja kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho mjini hakikupi hata chumba kimoja, na anayelipa zaidi ya hapo hutegemea mkataba wake na mahakama.

Chini ya Sura ya 301, mwenye jumba anayetaka kukutoa hana budi kukupa notisi katika fomu maalumu, ile inayoitwa Fomu A, inayotaja sababu na tarehe ya kuanza kazi. Tarehe hiyo haiwezi kuwa chini ya miezi miwili tangu notisi ipokelewe. Notisi hukutaka ujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja tangu kuipokea, useme unakubali au hukubali. Ukitaka kuipinga, unaipeleka kesi yako kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo mjini linajulikana zaidi kama traibyuno, kabla ya ile tarehe ya kuanza kazi haijafika. Ukishafanya hivyo, notisi inasimama hadi Baraza liamue. Usipojibu wala kwenda barazani, notisi inashika nguvu siku iliyotajwa, kana kwamba ulikubali.

Kwa hivyo jibu la notisi halimalizikii kwenye adabu kati yako na mwenye jumba. Ni hatua ya kisheria, na kunyamaza nako ni jibu.

Na ilipokelewa lini? Hapa ndipo picha inapowapotosha watu. Sheria inaruhusu notisi ikabidhiwe mpangaji mwenyewe, au mtu mzima wa familia yake, au mtu aliyeajiriwa katika duka lile, au itumwe kwa rejista ya posta. Msichana anayekushonea vifungo akiipokea Jumanne, umeipokea Jumanne, hata kama alisahau kukupigia picha hadi Ijumaa.

Tuseme ni fundi cherehani wa Mombasa, mwanamke mwenye duka la kupanga. Kodi ni Sh18,000 kwa mwezi, inayotakiwa kila tarehe 5. Hakuna mkataba wa maandishi. Mwanzoni mwa Machi 2026 yuko Kilifi anamuuguza mama yake, na dukani kamwacha mfanyakazi mmoja na rundo la vitambaa vya Idi, maana Ramadhani imeshafika katikati. Jioni moja simu inalia: picha ya karatasi iliyopindwa, nusu yake ikiwa kivulini.

Jambo la kwanza ni kupata picha inayosomeka. Mwambie aliyeko dukani ainyooshe karatasi mezani mchana, apige kila ukurasa mbele na nyuma, pembe zote nne zikionekana, kisha aitume kama faili la hati badala ya picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp hupunguza ubora wa picha na tarakimu ndogo huwa ukungu. Kama kuna bahasha, bahasha nayo ipigwe, hasa ikiwa na muhuri wa posta. Karatasi yenyewe isitupwe wala isiandikwe kitu juu yake. Kisha umuulize maswali matatu, naye ajibu kwa maandishi kwenye simu siku ileile, kumbukumbu ikiwa bado mbichi: nani aliileta, siku gani na saa ngapi, na je, alitia sahihi popote? Akiwa ametia sahihi ya kupokea hakuna ubaya. Ubaya ni kutia sahihi kwenye karatasi inayosema mpangaji amekubali kuondoka, na hilo hutokea, maana mfanyakazi huambiwa tu, “Tia hapa, ni ya kuonyesha nimefika.”

Fundi wetu anapata picha nzuri. Notisi imeandikwa tarehe 27 Februari 2026. Mfanyakazi anasema wakala wa mwenye jumba aliileta Jumanne, tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi. Sababu iliyotajwa ni kuchelewesha kodi, deni Sh72,000. Tarehe ya kuondoka ni 1 Mei 2026.

Tarehe tatu hizo zina kazi tofauti. Ile ya 27 Februari ni ya kuitambulisha notisi tu. Utaitaja katika jibu ili pasiwe na ubishi unajibu karatasi ipi. Tarehe 3 Machi ndiyo mwanzo wa hesabu. Mwezi mmoja wa kujibu unaishia 3 Aprili, na mwaka huo siku hiyo ni Ijumaa Kuu, ofisi zimefungwa. Barazani ni lazima ufike kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo yenyewe ni sikukuu ya wafanyakazi, kwa hivyo siku ya mwisho ni Alhamisi, 30 Aprili. Ukiandika tarehe hizi kwenye kalenda ya ukutani utaona kwamba nafasi yako ni ndogo kuliko ilivyoonekana kwenye picha.

Utaona jambo jingine pia. Kutoka 3 Machi, miezi miwili inatimia 3 Mei. Notisi inasema 1 Mei. Aliyeiandaa alihesabu tangu siku aliyoiandika na kusahau kwamba sheria inahesabu tangu siku iliyopokelewa. Ni kasoro, na mbele ya Baraza kasoro ya namna hii ina uzito. Lakini nasisitiza: kasoro haikupi ruhusa ya kunyamaza. Wapo wanaoambiwa na jirani, “Hiyo notisi ni bure, itupe,” wakaitupa, na ikawa kazi kubwa baadaye kuthibitisha ubatili wake huku vyombo viko nje. Hata barua ya wakala inayokupa siku saba, isiyo Fomu A wala chochote, ijibu kwa maandishi.

Baada ya tarehe, deni. Usiandike barua kabla hujalipiga hesabu mwenyewe, kwa sababu kiasi utakachokiri katika jibu hutakikana tena kwa urahisi. Fundi anafungua orodha yake ya M-Pesa, ambayo mtu anaweza kuiomba kwa kubonyeza *334# au kupitia programu ya simu. Desemba hakulipa, Januari hakulipa, Februari hakulipa: hiyo ni Sh54,000. Lakini tarehe 20 Januari alituma Sh10,000 kwa nambari ya wakala, na ujumbe wa uthibitisho upo. Linabaki deni la Sh44,000. Mbona notisi inasema 72,000? Ukichunguza, wamehesabu miezi minne, pamoja na Machi, na hawakuyaona yale 10,000. Kodi ya Machi, siku notisi ilipokabidhiwa, ilikuwa bado haijafikia tarehe yake ya kulipwa.

Tofauti ya Sh28,000 si ndogo kwa fundi. Hata hivyo asidanganyike nayo, kwa sababu hata kwa hesabu yake mwenyewe ana tatizo. Sheria inamruhusu mwenye jumba kudai duka ikiwa mpangaji amekaa na kodi miezi miwili baada ya kufika wakati wake wa kulipwa, au amekuwa na mazoea ya kuchelewesha. Kodi ya Desemba imeshapita huko. Ndiyo maana mpango wa malipo una maana hapa: unalipunguza lile deni ambalo ndilo sababu ya notisi, na unamwonyesha yeyote atakayesoma faili baadaye kwamba mpangaji alianza kulipa mapema, bila kungoja kuburutwa.

Kosa kubwa kupita yote katika majibu ninayoonyeshwa ni barua ya kuomba tu. Inaanza na shikamoo, inaeleza ugonjwa wa mama, inaomba muda, inamalizia na dua. Hakuna mahali panaposema mpangaji hakubali kuondoka. Barua kama hiyo inaweza kusomwa kuwa ni ya mtu aliyekubali notisi na anaomba aongezewe siku za kuhama. Kuna upande wa pili, barua ya hasira inayotaja sheria mistari kumi na haitaji senti moja atakayolipa. Jibu linalofaa lina mambo yote mawili, kila moja na sentensi zake, yasichanganywe: notisi siikubali, kodi ninayodaiwa nitailipa hivi.

Mpango wenyewe uandikwe kwa kufuata pesa zinavyoingia. Ukiufuata moyo wako wakati wa hofu, utaahidi usichokuwa nacho. Fundi cherehani wa Mombasa anajua msimu wake: kumi la mwisho la Ramadhani ndilo linalojaza droo, na Idi mwaka huo inatarajiwa tarehe 20 au 21 Machi kadiri mwezi utakavyoandama. Wateja hulipa wanapochukua nguo. Kuahidi Sh30,000 tarehe 10 Machi ni kujitia kitanzi. Kuahidi Sh20,000 Jumatatu ya tarehe 23 Machi ni jambo analoweza. Na mafungu yasisahau kodi ya kila mwezi inayoendelea. Watu hugawanya deni vizuri sana, kisha tarehe 5 ikifika wanalipa fungu la deni na kuacha kodi mpya, na wakifika mwezi wa tatu deni liko palepale.

Hesabu yake inakuja hivi. Kodi ya Machi, Sh18,000, anailipa tarehe 5 Machi kutoka malipo ya awali ya wateja wa Idi. Deni la 44,000 analigawa mara tatu: 20,000 tarehe 23 Machi, 12,000 tarehe 5 Aprili pamoja na kodi ya Aprili, na 12,000 za mwisho tarehe 25 Aprili. Fungu la mwisho linaangukia kabla ya 1 Mei kwa makusudi. Tarehe iliyoandikwa kwenye notisi ikifika na deni limekwisha, mwenye jumba anayeendelea kudai duka kwa sababu ya deni hilo ana kazi ngumu ya kueleza. Pale ambapo mapato hayaruhusu kumaliza kabla ya tarehe hiyo, angalau zaidi ya nusu iwe imeshaingia.

Barua basi ingesomeka hivi:

“Mombasa, 5 Machi 2026.

Kwa mwenye jumba, kupitia kwa wakala wake.

Kuhusu: Notisi ya tarehe 27 Februari 2026, duka namba 4.

Notisi yako iliyotajwa hapo juu ilikabidhiwa mfanyakazi wangu dukani siku ya Jumanne, tarehe 3 Machi 2026. Inanitaka niondoke dukani kuanzia tarehe 1 Mei 2026 kwa sababu ya kodi ya Sh72,000.

Sikubaliani na notisi hii na sikubali kuondoka. Tarehe iliyotajwa haijatimiza miezi miwili tangu notisi ipokelewe. Tusipoelewana nitaipeleka mbele ya Baraza kabla ya tarehe hiyo, na barua hii hainiondolei haki hiyo.

Kuhusu kodi, hesabu yangu ni kwamba ninadaiwa Sh44,000, nayo ni kodi ya Desemba 2025, Januari na Februari 2026, ikitolewa Sh10,000 niliyolipa kwa M-Pesa tarehe 20 Januari 2026. Nakala ya uthibitisho nimeiambatisha. Kodi ya Machi, Sh18,000, nimeilipa leo; malipo hayo ni ya mwezi wa Machi peke yake.

Napendekeza kulipa Sh44,000 kama ifuatavyo: Sh20,000 tarehe 23 Machi, Sh12,000 tarehe 5 Aprili, na Sh12,000 tarehe 25 Aprili 2026. Kodi ya Aprili nitailipa kwa wakati wake, mbali na mafungu haya.

Ukikubali mpango huu, naomba unithibitishie kwa maandishi kufikia tarehe 16 Machi kwamba umeiondoa notisi. Ikiwa hesabu yako ni tofauti na yangu, naomba orodha ya miezi na malipo ili tuilinganishe.”

Hakuna neno la ugonjwa wa mama. Mimi ningemwambia mwenye jumba habari hiyo kwa mdomo, kwa heshima zote, kama mila inavyotaka, hasa ikiwa ni mzee wa mtaa mmoja nami. Kwenye barua haina kazi. Barua itasomwa na wakala, labda na wakili wake, na huenda siku moja na mwenyekiti wa Baraza, na wote hao wanatafuta tarehe na viwango.

Ile sentensi kuhusu miezi miwili ina ubishi. Wakili mmoja atakuambia uifiche kasoro hadi barazani, ili mwenye jumba asipate nafasi ya kuirekebisha. Nimeiweka kwa sababu akiandika notisi mpya, miezi miwili inaanza upya tangu siku itakapopokelewa, na huo ni muda ambao mpangaji mwenye deni anauhitaji kuliko ushindi. Mwenye sababu ya kutaka kesi iamuliwe haraka anaweza kuiacha.

Maneno “malipo hayo ni ya mwezi wa Machi peke yake” yanaonekana madogo, lakini bila hayo wakala anaweza kuihesabu ile 18,000 kwenye deni la zamani na kuandika kwamba Machi haijalipwa. Kila unapotuma pesa, tuma na ujumbe mfupi kwa nambari ileile: ni ya mwezi gani, au ni fungu la deni lipi. Na pesa ziende kwenye nambari ileile uliyozoea kulipia. Ukiona notisi imeleta nambari mpya ya malipo, mpigie mwenye jumba mwenyewe kabla ya kutuma, maana matapeli nao wanajua kuandika notisi. Usipendekeze pia kwamba deni likatwe kwenye amana uliyoweka ulipoingia dukani. Ile ni dhamana ya mwisho wa upangaji, na kuitaja ni kama kusema unajiandaa kuondoka.

Barua hiyo ichapishwe nakala mbili. Fundi akiwa bado Kilifi anaweza kuituma kwa simu, ichapishwe mjini, lakini itiwe sahihi na yeye mwenyewe, au na mtu aliyemwandikia ruhusa. Nakala moja apewe wakala, na ya pili atie sahihi na tarehe ya kupokea. Akikataa kutia sahihi, wengine hukataa, ipelekwe kwa rejista ya posta na risiti itunzwe. Baada ya hapo piga picha nakala yenye sahihi na uitume kwa WhatsApp kwa mwenye jumba na wakala wote wawili. Ujumbe wa simu unasaidia kuonyesha kwamba walijua, ila usiutegemee peke yake wakati sheria imetaka maandishi na una muda wa kupeleka karatasi.

Tarehe 16 Machi inaweza kupita kimya. Mpangaji aendelee kulipa mafungu aliyoyaandika, kwa tarehe zilezile, kana kwamba mpango umekubaliwa. Fungu moja likichelewa siku mbili, atangulize taarifa kabla ya tarehe, si baada yake. Mwenye jumba akirudisha pesa, ule ujumbe wa kurudishwa nao ni ushahidi kwamba ulilipa akakataa.

Au mwenye jumba anajibu, “Sawa mama, lipa tu.” Hapa wengi hupumua na kufuta kila kitu kichwani. Lakini jibu hilo limekubali pesa tu. Notisi halikuigusa, na notisi isiyoondolewa bado ina tarehe yake. Mjibu palepale kwa upole: “Ahsante sana, basi nielewe kwamba notisi ya 27 Februari umeiondoa?” Akisema ndiyo, hifadhi picha ya mazungumzo na umwombe wakala alete hata mstari mmoja wenye sahihi. Akizungukazunguka, au akisema tutaona Mei, umeshajua aliko.

Kwa fundi wetu hilo lina maana moja. Wiki ya tatu ya Aprili, deni likiwa limebaki Sh12,000, aende kwenye ofisi ya Baraza akiwa na notisi halisi, bahasha, nakala ya jibu lenye sahihi, orodha ya M-Pesa na jumbe za kila malipo, afungue pingamizi lake hata kama mwenye jumba anamwamkia vizuri kila asubuhi. Kuna ada ya kufungua. Asingoje tarehe 30. Mtu akifunga duka kwa kufuli kabla Baraza halijaamua, aende barazani siku hiyohiyo na picha ya kufuli.